Mjomba kashindwa rufaa Mahakama Kuu Dodoma, sasa kaletewa bili ya gharama milioni 11.5. Alipe ipi, asilipe ipi?

Kijana wa Hombolo (aliyeanzisha uzi)

Wakuu habari za mchana. Naomba wenye uelewa wa mambo ya mahakama wanisaidie, maana nyumbani hakuna anayelala.

Mjomba wangu ni mkulima wa zabibu hapa Hombolo. Alikuwa na mgogoro wa kiwanja kule Nzuguni. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lilimpa ushindi yule mwenzake. Mjomba akakata rufaa Mahakama Kuu hapa Dodoma, na 12 Machi 2025 rufaa ikatupwa. Tukajua yameisha. Juzi kaletewa wito wa kufika kwa Naibu Msajili pamoja na bili hii. Nainakili kama ilivyo, nimefupisha maneno tu:

1. Ada ya uwakili, rufaa: 6,000,000
2. Ada ya uwakili, shauri la Baraza: 2,500,000
3. Kuhudhuria mahakamani mara 9, kila mara 100,000: 900,000
4. Usafiri na malazi ya wakili kutoka Dar, safari 3: 1,200,000
5. Uchapaji na nakala: 300,000
6. Kuandaa na kusimamia bili hii: 500,000
7. Ada za mahakama: 100,000
Jumla: 11,500,000

Mjomba anasema haendi popote, kiwanja wamechukua na hela hawapati. Mimi naona kama atazidi kujiumiza. Anatakiwa kulipa zote hizi? Na tarehe zipi tuziangalie?

Mzee wa Kibaigwa

Pole sana kijana. Kisheria aliyeshindwa ndiye analipa, hilo halina mjadala. Na ada ya wakili ni asilimia kumi ya thamani ya kiwanja. Kiwanja kina thamani gani? Kama ni milioni 60, basi hiyo milioni 6 ni halali kabisa. Mwambie mjomba aanze kutafuta hela mapema.

Fundi Bomba Singida

Mimi nilishinda kesi ya kazi kule tume ya usuluhishi, CMA, dhidi ya mwajiri wangu, nikaomba gharama zangu zote za nauli Singida na kurudi, wakaninyima. Halafu huyu anadaiwa milioni 11 kwa kiwanja! Hii nchi sheria ni moja kweli? Huyo mjomba naye aseme ni mnyonge, asamehewe.

Dada wa Nkuhungu

Fundi, mambo ya kazi yana utaratibu wake. Kule kila mtu hubeba gharama zake, isipokuwa mtu amefungua shauri la usumbufu lisilo na kichwa wala miguu. Usilichanganye na hili la ardhi.

Mzee wa Kibaigwa, shikamoo. Kuna kitu umepatia na kingine kimekupita. Ni kweli kwamba kwa kawaida gharama humfuata aliyeshindwa, na jaji akitaka iwe vinginevyo anatoa sababu. Lakini asilimia ya thamani hutumika pale mtu anapodai kiasi cha fedha kinachojulikana, mfano umenikopa milioni 40 na hujalipa. Hapo kuna jedwali la asilimia, Jedwali la Tisa la Amri ya Ujira wa Mawakili, Tangazo la Serikali Na. 264 la 2015. Rufaa ya kugombea nani mmiliki wa kiwanja haimo humo. Inaangukia Jedwali la Kumi na Moja, na kiasi kinabaki mikononi mwa msajili anayekadiria. Ataangalia ugumu wa kesi, ukubwa wa jalada, muda uliotumika na kesi za aina hiyo zimepewa ngapi.

Kijana, kabla sijasema lolote kuhusu hiyo 11.5, nahitaji vitu viwili. Mstari wa mwisho wa hukumu ya Baraza unasemaje kuhusu gharama? Na wa Mahakama Kuu unasemaje? Andika neno kwa neno. Pia niambie kama kuna maombi mengine yoyote yaliyofunguliwa katikati.

Kijana wa Hombolo

Asante dada. Nimechimba kwenye faili la mjomba.

Baraza: "Kila upande ubebe gharama zake."

Mahakama Kuu: "Rufaa hii haina mashiko, inatupwa. Mrufani atalipa gharama za rufaa."

Katikati mjomba aliomba wasitekeleze hukumu ya Baraza mpaka rufaa iishe. Akaja kuyaondoa hayo maombi mwenyewe baada ya kushauriwa. Hapo imeandikwa: "Maombi yameondolewa. Hakuna amri ya gharama."

Dada wa Nkuhungu

Basi una amri tatu, na kila moja inasimama peke yake. Watu wengi wakiona wameshindwa wanadhani kuna deni moja kubwa la kesi nzima. Sivyo. Aliyeshinda anaweza kudai gharama pale tu alipopewa amri ya gharama.

Kwenye Baraza hakuna anayemlipa mwenzake. Kwenye yale maombi ya katikati pia hakuna. Kwenye rufaa mjomba wako anamlipa mjibu rufaa. Namaanisha mjibu rufaa mwenyewe, maana wakili anamwakilisha tu. Hivyo hapo ulipoandika namba 2, milioni 2.5 ya Baraza, hakuna amri inayoibeba. Msajili hana mamlaka ya kutoa gharama ambazo hukumu haikuzitoa. Kazi yake ni kupima kiasi tu.

Sasa nenda kwenye namba 3. Mara tisa ni nyingi kwa rufaa ya Baraza. Ilisikilizwa kwa mdomo au kwa hoja za maandishi?

Bi Mkubwa Area C

Samahani niingilie. Dada, je, jaji asipoandika "za rufaa", akiandika tu "inatupwa pamoja na gharama", si anamaanisha na za chini? Kuna ndugu yangu alilipishwa zote.

Dada wa Nkuhungu

Bi Mkubwa, swali zuri. Jaji akitaka za chini ziingie huwa anaandika, "gharama za hapa na za Baraza". Akiandika kwa kifupi, wengi tunasoma kuwa ni za hatua hiyo tu, hasa pale ambapo Baraza lilikuwa limeshasema kila mtu abebe zake na amri hiyo haikutenguliwa. Ila ndugu yako huenda Baraza lenyewe lilimpa mpinzani wake gharama, zikabaki hai baada ya rufaa kutupwa. Bila kuona karatasi siwezi kusema alionewa.

Kijana wa Hombolo

Hoja za maandishi. Nimehesabu kwenye hukumu na kwenye karatasi za mjomba: rufaa ilitajwa mara tatu, ya nne ikasomwa hukumu. Yale maombi ya katikati yalitajwa mara tatu. Jumla saba. Mbili zilizobaki sijui zimetoka wapi.

Dada wa Nkuhungu

Umeona? Tarehe tatu ni za maombi yasiyo na amri ya gharama, na mbili hazimo kwenye rekodi. Zinabaki nne. Usiende na hesabu ya karatasi za mjomba peke yake, mpinzani atasema hazijatimia. Andikeni barua kuomba nakala ya mwenendo wa shauri. Kila siku ya mahakama imeandikwa pale nani alikuwepo na nani hakuwepo, na wakati mwingine utakuta "wakili wa mjibu rufaa hayupo" kwenye tarehe anayoidai.

Kuhusu namba 6 kuna kanuni ambayo watu huisahau, Amri ya 48 ya hilo Tangazo. Ankara ikikatwa zaidi ya sehemu moja ya sita ya jumla yake, ukiacha ada za mahakama, aliyeileta anapoteza gharama za ukadiriaji wenyewe. Hebu tupige. Toa ada za mahakama laki moja, inabaki 11,400,000. Moja ya sita ni 1,900,000. Ile 2,500,000 ya Baraza ikifutwa tu, tayari imevuka, na laki tano ya namba 6 inakwenda na maji.

Wakili wao atajibu kwamba msajili, akiamua, anaweza kuziweka kando ada za uwakili kwenye hesabu hiyo. Ni kweli, kanuni inamruhusu. Toa basi namba 1 na namba 2. Inabaki 2,900,000, na moja ya sita yake ni kama 483,000. Mahudhurio matano yakikatwa ni 500,000. Imevuka tena, ingawa kwa unywele.

Mzee wa Kibaigwa

Marahaba dada. Nimejifunza hilo la jedwali. Lakini kwa nini mnahangaika na hesabu? Mwambie kijana aangalie siku. Ankara inatakiwa ndani ya siku sitini. Hukumu 12 Machi. Siku sitini zinaisha 11 Mei. Kama wamechelewa hata siku moja, yote inatupwa na mjomba anakunywa zabibu zake.

Dada wa Nkuhungu

Hapo mzee umegonga penyewe, ni Amri ya 4. Siku ya hukumu yenyewe haihesabiwi. Ila 11 Mei 2025 ilikuwa Jumapili, kwa hiyo siku ya mwisho inasogea hadi Jumatatu tarehe 12. Kijana, angalia nakala ya ankara. Iliingizwa kwenye mfumo wa mahakama tarehe gani, na stakabadhi ya malipo ni ya tarehe gani?

Kijana wa Hombolo

Kwenye karatasi ya kwanza pameandikwa imewasilishwa 09/05/2025. Stakabadhi ya serikali inaonyesha imelipwa 13/05/2025.

Mzee wa Kibaigwa

IMEKWISHA HIYO!

Karani Mstaafu

Msishangilie mapema. Nimekaa masjala miaka mingi. Wanasheria wanabishana juu ya hili mpaka leo. Kuna wanaosema hati imefunguliwa siku iliyopokelewa kwenye mfumo, kwa sababu namba ya malipo inatolewa na mfumo wenyewe na wakati mwingine inachelewa bila kosa la mtu. Kuna wanaosema hati isiyolipiwa ni karatasi tu. Nimeona maamuzi ya pande zote mbili. Pingamizi liwekwe, lakini lisiwe tegemeo pekee. Tena likikubaliwa, wenzenu wanaweza kuomba kuongezewa muda chini ya Sheria ya Ukomo wakitoa sababu ya kutosha, warudi upya. Mtakuwa mmenunua miezi, hamjanunua msamaha.

Na lile la mjomba kutokwenda, mkatazeni. Asipofika na wito ulimfikia, msajili ataendelea upande mmoja. Hakuna atakayemwambia kuwa Baraza halikutoa gharama. Nimeshuhudia ankara za hovyo zikipita karibu nzima kwa sababu kiti cha pili kilikuwa kitupu.

Dada wa Nkuhungu

Naafikiana na Karani kwa kila neno.

Nimalizie namba 4 na 5. Hizi ni fedha zilizotoka mfukoni, na msajili anaweza kutaka risiti zake. Nauli, malazi, nakala, wakishindwa kuonyesha zinapungua au zinafutwa. Kwenye usafiri mna hoja mbili. Kwanza, Dodoma imejaa mawakili, kwa nini apandishwe wa Dar? Hoja hii si ya uhakika, maana mtu ana haki ya kuchagua wakili wake, lakini gharama ya uchaguzi huo si lazima abebeshwe mpinzani. Pili, kwa safari tatu anadai 400,000 kila moja. Treni ya SGR daraja la kawaida Dar hadi Dodoma ni 31,000. Tarehe ya kutajwa tu, unaingia asubuhi unatoka saa nne, hoteli ya nini?

Mpita Njia 88

Na ile milioni 6 nayo aonyeshe risiti ya EFD. Hakuna risiti, hakuna hela. Ndivyo nilivyoona kwa rafiki yangu.

Dada wa Nkuhungu

Mpita Njia, huko nyuma wasajili kadhaa walikuwa wakidai hivyo. Mahakama ya Rufani, kwenye ankara zinazoendeshwa kwa kanuni zake, imeshasema ada ya uwakili haithibitishwi kwa risiti, ni suala la busara ya mkadiriaji. Mahakama Kuu wengi wanaifuata, wengine bado wanauliza risiti. Mimi nisingetumia nguvu hapo. Ningetumia nguvu kusema milioni 6 ni nyingi mno kwa rufaa ya hoja za maandishi, yenye sababu chache, isiyo na shahidi hata mmoja. Tafuteni maamuzi mawili matatu ya gharama za rufaa za ardhi kwenye TanzLII, ile tovuti ya hukumu za mahakama, muyaweke mbele ya msajili. Kesi ambayo kila mtu huitaja ni Premchand Raichand dhidi ya Quarry Services ya mwaka 1972, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Inasema mshindi arudishiwe kwa haki alichotumia, gharama zisipande hadi mahakama ikawa ya matajiri tu, na kesi zinazofanana zipate viwango vinavyofanana.

Bi Mkubwa Area C

Na akikata rufaa tena kwenda Mahakama ya Rufani, si bili inasimama?

Karani Mstaafu

Taarifa ya rufaa ilitakiwa ndani ya siku 30, yaani hadi 11 Aprili. Kijana hajasema kama waliitoa. Na hata wangeitoa, kama inasimamisha ukadiriaji au la, majaji wamegawanyika.

Kijana wa Hombolo

Hatukutoa. Mjomba alisema amechoka na mahakama. Nitampeleka kwa msajili mwenyewe. Nitaleta mrejesho.

---

Kijana wa Hombolo

MREJESHO. Wakuu, uamuzi umesomwa Jumanne 8 Julai 2025.

Pingamizi la muda limekataliwa. Msajili kasema tarehe ya kuwasilisha kwenye mfumo ndiyo inayohesabika. Mzee wa Kibaigwa pole.

Ada ya rufaa kaishusha hadi 3,000,000. Ya Baraza kafuta yote, kasema kwa sauti kabisa kwamba amri haipo. Mahudhurio manne, 400,000. Mwenendo ulitusaidia sana, ile tarehe ya tano waliyoing'ang'ania ilionyesha wakili hakuwepo. Usafiri kawapa nauli ya treni kwenda na kurudi mara tatu, 186,000, malazi hakuna kwa kuwa hawakuwa na risiti. Nakala zenye risiti 120,000. Namba 6 sifuri, kwa ile moja ya sita. Ada za mahakama 100,000. Jumla 3,806,000.

Mjomba alipotoka nje alikaa kwenye benchi, akaomba maji, akasema "hiyo naweza kuiona." Sasa wakili wao kanong'ona kuwa atapeleka kwa jaji. Inawezekana?

Mzee wa Kibaigwa

Msikubali! Nendeni nyie kwa jaji kwanza, lile la muda mtashinda.

Dada wa Nkuhungu

Hongereni. Ndiyo, upande wowote usioridhika unaweza kwenda kwa Jaji wa Mahakama Kuu. Ni siku 21 tangu uamuzi, kwa hiyo hadi 29 Julai, kwa maombi yanayoitwa samansi ya chemba, yakiambatana na hati ya kiapo. Akishafungua anatakiwa kuwapa nakala ndani ya siku saba. Mkiletewa, angalieni hizo tarehe mbili kwanza.

Ila jaji hagusi kiasi kwa sababu tu yeye angetoa kingine. Lazima aonyeshwe msajili alikosea kanuni, au kiasi ni kikubwa au kidogo kupita kiasi. Sioni wakili wao akipata milioni 2.5 ya Baraza kwa njia hiyo. Anaweza kujaribu ada ya rufaa.

Kwenu nyie, hoja ya muda ni ya kisheria na jaji anaweza kuisikiliza. Ninaona nafasi ipo, lakini mkishindwa kuna gharama nyingine juu ya hizi. Mzee wa Kibaigwa angeenda, mimi nisingeenda kwa 3,806,000. Mjomba ndiye aamue, na aamue kabla ya tarehe 29.

Karani Mstaafu

Na asikae kimya baada ya hapo. Wakishapata cheti cha gharama wanaomba utekelezaji kama hukumu yoyote ya fedha, na wana hadi miaka 12 ya kufanya hivyo. Wanaweza kukamata mali, na dalali akishaingia naye ana gharama zake.

Kijana wa Hombolo

Mjomba anauliza, anaweza kuwaambia asubiriwe zabibu za Agosti? Ana milioni moja sasa hivi.

Dada wa Nkuhungu

Anaweza. Aandike barua kwa wakili wao, atoe milioni moja sasa na ataje tarehe za kulipa zilizobaki. Wakikubali, makubaliano yaandikwe, yasainiwe na pande zote na yawekwe kwenye jalada, asilipe kwa mkono bila karatasi. Wakikataa, aiombe mahakama yenyewe alipe kwa awamu, aonyeshe kipato chake kinavyokuja kwa msimu. Ile milioni akiwa ameshaitanguliza atasikilizwa vizuri zaidi.

Fundi Bomba Singida

Kumbe mimi nauli yangu ya CMA ndiyo imekwenda hivyo?

Dada wa Nkuhungu

Imekwenda, Fundi. Kama una swali la mafao yako fungua uzi mwingine, tutakuja.